Mkopo wa mkurugenzi kugeuzwa hisa

"Mkurugenzi wetu aliikopesha kampuni milioni 60, tukanunulia korosho hapa Mtwara. Sasa anataka hisa badala ya kulipwa. Naandikaje?"

Ndugu, usiguse akaunti ya benki, maana hakuna fedha inayotembea. Kinachoondoka ni deni.

Tuseme kila hisa ina thamani ya shilingi 1,000 kwenye katiba ya kampuni, na mmekubaliana apewe kwa 3,000. Atapata hisa 20,000. Debiti mkopo wa mkurugenzi milioni 60. Krediti mtaji wa hisa milioni 20, na ziada ya bei ya hisa milioni 40.

Wengi huitupa milioni 60 yote kwenye mtaji wa hisa. Kosa hilo utaliona haraka: zidisha hisa zote zilizotolewa kwa 1,000. Jibu lisipolingana na mtaji kwenye vitabu, kuna ziada imejificha humo.

Kabla ya yote, hakikisheni salio la mkopo kweli ni milioni 60 siku hiyo, na hisa ambazo hazijatolewa zinatosha. Andikeni azimio, kisha mpeleke taarifa ya ugawaji BRELA. Ile milioni 40 si faida, msije mkaigawa kama gawio.