Pasiwedi moja, akaunti mia mbili: kuisoma sprei kwenye logi za kuingia

Tuna kufuli la akaunti mtu akikosea mara 10. Mbona tunaambiwa tumepigwa sprei ya pasiwedi na hakuna akaunti hata moja iliyofungwa?

Manake kufuli linahesabu makosa ya akaunti moja moja, na anayesprei kazi yake yote ni kutoigusa hiyo hesabu. Kwenye Entra ID kiwango kinachokuja chenyewe ni makosa 10, alafu akaunti inafungwa dakika moja tu kwa mara ya kwanza. Yeye anachukua pasiwedi moja ya kizembe, jina la kampuni na mwaka na alama ya mshangao mwishoni, anapita nayo kwenye akaunti zote alizonazo mara moja, anatulia masaa kadhaa, anarudi na nyingine. Hapo hajafika hata makosa mawili kwa akaunti.

Na ndo maana ukifungua logi za mtu mmoja mmoja huoni kitu. Kosa moja saa nane usiku, sawa, nani hajawahi kukosea pasiwedi? Swali la kuuliza logi siyo "huyu kakosea mara ngapi", ni "chanzo hiki kimekosea kwenye akaunti ngapi tofauti". Ukishageuza hesabu hivyo sprei inajitokeza yenyewe, angalau ile ya wavivu.

Nipe kweri ya kuanzia basi. Logi zetu za Entra ID tunazimwaga Sentinel.

Anza na hii, usiipambe kwanza:

```
union isfuzzy=true SigninLogs, AADNonInteractiveUserSignInLogs
| where TimeGenerated > ago(1d)
| where ResultType in ("50126", "50053")
| summarize Akaunti = dcount(UserPrincipalName),
            Majaribio = count() by IPAddress
| extend KwaAkaunti = round(todouble(Majaribio) / Akaunti, 1)
| where Akaunti >= 15 and KwaAkaunti <= 3
```

50126 ni jina au pasiwedi imekosewa. 50053 ina maana mbili, ama akaunti imefungwa ama IP yenyewe ishajulikana kuwa ni mbaya ikazuiwa, kwa hiyo ukiona 50053 kwenye akaunti iliyojaribiwa mara moja tu, mara nyingi ni hiyo ya pili. Jedwali la pili watu wengi wanalisahau, na kuna sprei ambazo skripti inatuma jina na pasiwedi moja kwa moja bila kupita ukurasa wa kuingia, hizo unaweza kuzikuta huko wakati `SigninLogs` imetulia kabisa.

Kiini ni hiyo `KwaAkaunti`. Sprei inakaa kwenye 1 na kitu, mara chache inafika 3. Simu ya zamani yenye pasiwedi iliyokwisha badilishwa inakuwa kinyume, akaunti moja makosa 400, na kweri hii inaiacha ipite, ndo tunachotaka. 15 nimeiweka kwa tenanti ya watu mia kadhaa, kama mko 40 ishushe mpaka 5 au 6. Na angalia dirisha la muda: wengi wanaweka saa moja kwa sababu linaonekana la haraka, alafu anakuja mtu anayejaribu akaunti nne kwa saa, mchana kutwa usiku kucha, anafika 96 kwa siku bila kuamsha chochote. Weka la siku, na lingine la siku 7.

Nimeweka, alati inalia kila Jumatatu asubuhi na IP ni ya ofisi yetu wenyewe. Niiondoe kwenye kweri?

Usiiondoe, siku mtu akiingia kupitia VPN yenu na kusprei kutoka ndani utakuwa umejifumba macho mwenyewe. Tatizo lako ni kwamba ofisi nzima inatoka na IP moja, na Jumatatu watu 20 wanakosea pasiwedi, hiyo ni kawaida kabisa, mitandao ya simu nayo iko hivyo hivyo maelfu ya watu nyuma ya anwani moja.

Kinachotofautisha ni kilichotokea baada ya kosa. Mfanyakazi anakosea, anacheka, anaandika tena, ndani ya dakika mbili tatu kaingia, kutoka IP ile ile. Kwenye sprei akaunti iliyokosewa haingii kutoka IP ile, siyo baada ya dakika mbili wala kesho. Kwa hiyo ongeza safu mbili: akaunti ngapi zilikosea, na kati ya hizo ngapi zilikuja kupata `ResultType` 0 kutoka IP hiyo hiyo siku hiyo. Ofisi yako itatoa kitu kama 22 zilizokosea, 21 zimeingia. Sprei inatoa 180 zilizokosea na sifuri, au moja, na hiyo moja ndo ya kukunyima usingizi. Mimi naona kipimo hiki kina thamani kuliko orodha yoyote ya IP mbaya za kununua.

Sasa wakitumia IP tofauti kwa kila jaribio? Si hesabu yote inakufa?

Hesabu kwa IP inakufa, ndiyo. Na siyo nadharia: mwishoni mwa Novemba 2023 kundi linaloitwa Midnight Blizzard liliisprei Microsoft yenyewe, likalenga akaunti chache, majaribio machache, kupitia proksi za majumbani, yaani anwani za intaneti za watu wa kawaida. Wakapata akaunti ya tenanti ya zamani ya majaribio ambayo haikuwa na MFA. Microsoft waligundua tarehe 12 Januari 2024.

Hapo unaacha kumtafuta kwa anwani unamtafuta kwa mwendo. IP anabadilisha kirahisi ila skripti ni ile ile moja, kwa hiyo badala ya `by IPAddress` weka `by UserAgent, AppDisplayName` uone. Kundi la makosa 150 kutoka IP 140, yote yana `UserAgent` ya `fasthttp` au `axios`, au ya kivinjari cha zamani ambacho hakuna mtu wenu anacho, yote yanagonga programu moja kama `Azure Active Directory PowerShell` ambayo mhasibu wenu hajawahi hata kuisikia. Wajanja wanaiga kivinjari cha kisasa, basi hapo panga makosa yote kwa muda na usome kwa macho, usidharau macho: mara nyingi utaona majina yanakwenda kialfabeti kama orodha ilivyokuwa kwenye faili lake, au yamepishana sekunde 47 kila mara. Binadamu hawakosei pasiwedi kwa mpangilio wa herufi.

Kingine ni kuangalia nani anakosewa. Akaunti za barua pepe za idara, za mashine za mkutano, za watu walioacha kazi, hizo hazina mtu wa kukaa na kuandika pasiwedi vibaya. Tengeneza na ya chambo kabisa, akaunti yenye jina la kawaida, isiyo na ruhusa yoyote, pasiwedi ndefu ya herufi za ovyo isiyokisika, anwani yake iachwe mahali ambapo wakusanya majina wataiokota. Kosa moja hapo linatosha kuwa alati, huhitaji kiwango wala dirisha, na muda wa kosa hilo unakupa pa kuanzia kutafuta wenzake.

Ila anayejaribu akaunti tatu kwa siku kwa IP tatu na kivinjari cha kawaida, kwa logi pekee unaweza usimpate. Huyo anazuiwa na MFA na orodha ya pasiwedi zilizokatazwa, siyo na kweri.

Nimeikuta sprei, imepita wiki iliyopita. Nimechuja waliofanikiwa, hakuna. Niko salama?

Hapa ndo watu wanapoumia, ngoja tupite na mfano. IP moja ya kampuni ya kukodisha seva, kuanzia saa 7:04 usiku hadi saa 9:40. Kweri ya juu, ukiipanua dirisha hadi siku 8, inakupa akaunti 210, makosa 229, wastani 1.1. Unachuja `ResultType == "0"`, tupu. Wengi wanaandika ripoti hapo wanalala.

Sasa ondoa kichujio, chukua IP hiyo uone namba zote:

```
union isfuzzy=true SigninLogs, AADNonInteractiveUserSignInLogs
| where TimeGenerated > ago(8d)
| where IPAddress == "203.0.113.25"
| summarize count(), make_set(UserPrincipalName, 10) by ResultType
```

Inarudi 226 za 50126, 3 za 50053, alafu mistari miwili ambayo kweri ya kwanza haikuiomba kabisa: 50076 moja na 50055 moja. 50076 ni "tunataka MFA", na mfumo hauombi MFA mpaka pasiwedi iwe imekubalika. 50055 ni pasiwedi imekwisha muda, yaani iliyoandikwa ilikuwa sahihi ila imepitwa na siku. Kwa hiyo jamaa ana pasiwedi mbili za kweli, na wewe ulisema hakuna aliyefanikiwa. Kwenye ukurasa wa logi 50076 unaweza kuikuta imeandikwa `Interrupted`, siyo `Success` wala `Failure`, ndo maana vichujio vya haraka vinaipita.

Namba nyingine za familia hii ni 50074, 53003 ambapo sera imemzuia baada ya pasiwedi kukubalika, na 50079, hii iogope zaidi, manake mtumiaji hajawahi kusajili MFA na mfumo unamkaribisha asajili sasa hivi. Anayekaribishwa ni mwizi, na atasajili simu yake.

Kwa 50053 huwezi kusema pasiwedi ilikuwa sahihi au la, ziweke pembeni kama "haijulikani" na uwabadilishie pasiwedi tu.

Hao wawili niwafanyeje, na nitafute nini zaidi?

Badilisha pasiwedi, futa vipindi vyote vilivyo hai, angalia njia za MFA zilizosajiliwa tangu usiku ule. Alafu wafuate kwa jina, siyo kwa IP, kwa sababu anayesprei hutumia mashine moja kupata pasiwedi na anarudi kuitumia kutoka kwingine. Tafuta 500121 zinazorudiwa, hizo ni MFA zilizokataliwa au kushindwa, maana yake anaigonga simu ya mwenzio akitegemea atachoka akubali, na tafuta 0 kutoka mtandao ambao mtu huyo hajawahi kuutumia.

Fanya leo kama logi huzipeleki kokote. Entra ID ya bure inazishika siku 7, ya P1 na P2 siku 30, na sprei yako ni ya wiki iliyopita.