Mshazari wa Cantor na namba wiano

"Nimeorodhesha namba wiano zote kati ya 0 na 1, mshazari ukanipa namba isiyomo. Mbona basi husemwa zinahesabika, yaani zote zaweza kupangwa kwenye orodha moja?"

Ndugu, umeruka hatua moja. Chukua 1/2, 1/3, 2/3, 1/4: yaani 0.5000…, 0.3333…, 0.6666…, 0.2500… Mshazari ni tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, ya pili ya namba ya pili, na kuendelea: 5, 3, 6, 0. Penye 5 andika 4, kwingine andika 5. Namba yako inaanza 0.4555. Haimo kwenye orodha, kweli, lakini je, ni wiano? Ingekuwa wiano, desimali zake zingefika mahali zikaanza kujirudia. Huwezi kulithibitisha hilo: orodha ina namba wiano zote, hivyo iliyokosekana si wiano. Kwa namba halisi kikwazo hiki hakipo, maana desimali yoyote ni namba halisi, hivyo orodha yoyote ya namba halisi huikosa mojawapo. Ila usibadilishe kwa 0 wala 9, kwa sababu 0.4999… ni 0.5 ileile.