Kujaza nafasi kwa habari ya ziwa letu: maswali yenu

Mwalimu, nimezoea kufuta kila neno la tano kwenye habari ya gazeti, lakini watoto wanalalamika kwamba zoezi halina maana. Kosa liko wapi? (Mwalimu wa darasa la sita, Kasulu)

Njia hiyo haikubuniwa kwa kazi unayoipa. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliitumia kupima kama andiko ni jepesi au gumu kwa wasomaji wake. Kwa kupima andiko haijalishi sana neno gani limefutwa, mradi nafasi ziwe nyingi; kwa kawaida huwa kama 50 hivi, kwa hiyo bahati mbaya ya nafasi chache humezwa na nyingine. Wewe una aya ya mistari sita, na bahati ndiyo inayokutungia mtihani.

Chukua habari ambayo Kigoma nzima inaikumbuka, kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Nimeifupisha na kuondoa vyeo vya viongozi, maana habari zetu hupenda kuanza na cheo chenye maneno kumi kabla ya kitenzi:

*Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 makubaliano hayo yakatekelezwa. Kwa Tanzania, ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Katika muda huo wavuvi hawakuruhusiwa kutupa nyavu majini. Ziwa hili huwalisha watu wengi, lakini wingi wa samaki wake umekuwa ukipungua. Lengo lilikuwa samaki waliokomaa wazaliane na samaki wadogo wapate muda wa kukua. Miezi mitatu ilipokwisha, uvuvi ukaanza tena.*

Iache sentensi ya kwanza nzima ili mtoto ajue habari inahusu nini. Kisha hesabu kwa tano kuanzia "Kwa Tanzania". Yanayofutika kwanza ni "kuanzia", "tarehe", "huo" na "majini". Mtoto akiandika "tangu" badala ya "kuanzia" amekosa nini? "Tarehe" imeandikwa tena maneno machache nyuma yake, anainakili tu. "Majini" inaweza kuwa "ziwani" au "humo". Imebaki "huo", ambayo angalau inapima upatanisho. Vitenzi viwili vilivyobeba habari, "lilifungwa" na "hawakuruhusiwa", havikuguswa.

Sasa nichague kwa kigezo gani? Kila neno naliona muhimu. (Mwalimu, Uvinza)

Shika kalamu, na kwa kila neno unalotaka kulifuta, weka ncha kwenye neno jingine ndani ya aya linalomwambia msomaji jibu. Usipoona pa kuiweka ncha, liache neno lako mahali pake. Majina ya nchi kama Zambia na Burundi yanasalimika hapo hapo: hakuna neno katika aya linaloweza kumfikisha mtoto kwenye "Zambia".

Aya ileile, baada ya kupita kwenye kigezo hicho, mimi niliifanya hivi:

*…Kwa Tanzania, ziwa (1) ______ [funga] kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Katika muda huo wavuvi (2) ______ [ruhusu] kutupa nyavu majini. Ziwa hili huwalisha watu wengi, (3) ______ wingi wa samaki wake umekuwa ukipungua. Lengo lilikuwa samaki waliokomaa wazaliane na samaki (4) ______ [-dogo] wapate muda wa kukua…*

Nafasi ya 1 ina dalili tatu. "Ziwa" linadai *li-* ya ngeli, "mwaka 2024" unadai *-li-* ya wakati uliopita, na kwa kuwa ziwa halijifungi lenyewe, kitenzi kinadai kauli ya kutendwa. Mtoto akiandika "lilifunga" unajua kilichompotea ni *-w-*. Akiandika "limefungwa" unajua ni wakati. Hiyo ndiyo faida ya kufuta kitenzi cha Kiswahili: kosa lenyewe linakuonyesha kesho ufundishe nini. Bila mzizi kwenye mabano, hata hivyo, ungepata "lilikuwa kimya", "lilipumzika" na mengine ambayo huwezi kuyakosoa.

Nafasi ya 2 ndiyo ninayoipenda. Kisarufi "waliruhusiwa" inakaa vizuri kabisa. Kinachoikataa ni maneno "kusimamisha uvuvi", ambayo yako sentensi mbili nyuma. Mtoto anayesoma sentensi mojamoja atanaswa hapa, na ni hapa tu katika zoezi zima ndipo unapopima kusoma, si sarufi peke yake.

Nafasi ya 4 ni ya kwetu hasa. Ukipita Kibirizi asubuhi utasikia "samaki ndogo" na "dagaa zimekauka" mpaka uzoee. Sokoni hakuna ubaya, lakini katika Kiswahili sanifu samaki hufuata ngeli ya viumbe hai: samaki wadogo, dagaa wamekauka. Usiifute "wapate". Umbo la "samaki" halibadiliki kwa umoja wala wingi, kwa hiyo "wapate" ndiyo inayozuia "mdogo".

Mwanangu aliandika "ila" palipotakiwa "lakini" akakosa alama. Ni haki? (Mzazi, Ujiji)

Si haki. Katika nafasi ya 3 "lakini", "ila" na hata "ingawa" zote zinakaa. "Na" haivunji sarufi, ila inapoteza kule kugongana kwa "kulisha wengi" na "kupungua", kwa hiyo hiyo ningeikosoa. Mwalimu aandike majibu yote anayoyakubali kabla hajaanza kusahihisha, maana akifika daftari la arobaini huruma inapungua.

Nikiwawekea maneno kwenye kisanduku si itakuwa rahisi kwao na kwangu? (Mwalimu, Kibondo)

Kwa viunganishi, sawa, mradi maneno yazidi nafasi. Maneno manne kwa nafasi nne maana yake la mwisho linajijaza, na mtoto akikosea moja amekosea mawili. Kwa vitenzi usithubutu. Weka "lilifungwa" na "hawakuruhusiwa" kisandukuni, mtoto ataona *li-* karibu na ziwa na *hawa-* karibu na wavuvi, atayapachika bila kusoma chochote. Mzizi kwenye mabano unamlazimisha alijenge neno mwenyewe.

Nitajuaje kama zoezi langu limekaa sawa kabla sijalipeleka darasani? (Mwalimu mwanafunzi, Kigoma mjini)

Mpe mwenzako ambaye hakuona habari kamili, na usimweleze kitu. Mimi humpa mwalimu wa Hisabati wakati wa chai. Anaposita, huo ni ugonjwa wa nafasi, si wake. Akileta jibu ambalo hukulitarajia na linaingia, liongeze kwenye orodha ya majibu au mrudishie msomaji dalili.

Yeye ndiye aliyenishika kwenye aya hii. Mwanzoni sentensi yangu ya mwisho ilikuwa "Miezi mitatu ilipokwisha, ziwa lilifunguliwa." Akacheka: "Jibu la kwanza umeliandika mwenyewe hapo chini." Kweli, "lilifunguliwa" lilikuwa limebeba *li-*, *-li-* na *-w-* zote tatu, mtoto angebadilisha mzizi tu. Ndiyo maana sasa inasomeka "uvuvi ukaanza tena".