Mapakacha manane ya karafuu: uchague jaribio gani sampuli ikiwa ndogo

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa pili, karibu kila mwaka naulizwa swali hili: nina sampuli nane tu, nitumie jaribio la t, Mann-Whitney, au la jozi? Anayeuliza huwa ameshapima, ameshajaza jedwali, na amebakiwa na siku mbili kukabidhi kazi. Nami huwa namuuliza kwanza ulivyopangwa uanikaji, au upandaji, au chochote alichofanya, kabla sijaitazama namba hata moja.

Nimejifunza hivyo kwa kuumbuka. Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne, na wawili tulikuwa Wapemba, basi tukachagua karafuu. Tulitaka kujua kama zinakauka haraka zaidi juu ya sakafu ya saruji kuliko juu ya jamvi. Nyumbani kwetu upande wa Mtambwe ulikuwa msimu, na kila siku likija pakacha kutoka shambani tulichambua makonyo, tukachukua gramu 500 tukazitandaza juu ya jamvi, na gramu 500 nyengine za pakacha lile lile tukazitandaza sakafuni, pembeni yake. Baada ya siku mbili za jua tukapima uzito uliobaki. Tulifanya hivyo kwa mapakacha manane. Haya ndiyo matokeo, kwa gramu, namna tulivyoyaingiza katika programu ya takwimu ya R:

```r
jamvi  <- c(312, 265, 290, 341, 248, 305, 277, 326)
saruji <- c(298, 254, 281, 322, 251, 289, 270, 311)
t.test(jamvi, saruji)
```

Wastani wa jamvi ulikuwa gramu 295.5, wa saruji 284.5. Tofauti ni gramu 11, na thamani ya p ikatoka 0.46. Tukaandika kwa kujiamini kwamba hakuna tofauti ya maana. Mwengine kati yetu alikuwa amesikia kwamba sampuli ikiwa ndogo lazima utumie Mann-Whitney, tukalifanya na hilo pia, likatoa karibu 0.5. Majaribio mawili yamekubaliana, tutake nini tena?

Mwalimu alisoma ripoti, akachukua kalamu, akauliza swali moja: "Nikiichanganya hii safu ya saruji, namba ya kwanza nikaipeleka chini na ya mwisho nikaileta juu, mtapoteza kitu?" Tukatazamana. Bila shaka tungepoteza. Ile 312 na ile 298 zilitoka pakacha moja, zikaanikwa siku moja, zikapigwa na jua moja. Namba hizo ni ndugu. Jaribio tulilotumia halikujua undugu huo, kwa sababu sisi wenyewe hatukuliambia.

Swali hilo ndilo ninalowaachia. Kama ukiichanganya safu moja hakuna kinachopotea, vikundi vyako ni huru, na hapo ndipo uchague kati ya t na Mann-Whitney. Kama kinapotea kitu, una jozi, na majaribio yale mawili yote si yako. Namna ulivyoanika ndiyo inayoamua, na uamuzi huo ungeweza kuufanya kabla karafuu hazijashuka mtini.

Sasa tazameni kilichokuwa kinatokea ndani ya namba. Pakacha la nne lilikuwa na karafuu mbichi sana na siku zake zilikuwa za mawingu, likabaki na 341 na 322. La tano liliangukia jua kali, likabaki na 248 na 251. Kutoka pakacha hadi pakacha uzito unapishana kwa karibu gramu 90, na sisi tunatafuta tofauti ya gramu 11. Jaribio la t la vikundi huru linaipima ile 11 kwa kuilinganisha na mtawanyiko wote wa mapakacha, na makosa sanifu yake yalikuwa gramu 14.3. Ni kama kutaka kusikia mnong'ono sokoni Wete siku ya msimu.

Jaribio la jozi linafanya jambo dogo tu: linatoa. Chukua jamvi, toa saruji, pakacha kwa pakacha, unapata 14, 11, 9, 19, -3, 16, 7 na 15. Mawingu ya siku ile yamejitoa, na ubichi wa pakacha umejitoa, kwa vile vilizigusa sampuli zote mbili. Wastani wa tofauti hizo ni ile ile 11, lakini makosa sanifu sasa ni gramu 2.4. Ukigawa, t inakuwa 4.53 kwa digrii huru 7, na p ni takriban 0.003. Karafuu ni zile zile, mizani ni ile ile, na kilichoongezeka ni neno moja:

```r
t.test(jamvi, saruji, paired = TRUE)
wilcox.test(jamvi, saruji, paired = TRUE)
```

Mstari wa pili ni wa Wilcoxon wa jozi, ambao hautumii gramu zenyewe, unatumia nafasi za tofauti kuanzia ndogo hadi kubwa. Kwa karafuu zetu ulitoa p ya 0.0156. Hata kwa mkono unaufikia: tofauti moja tu ndiyo hasi, na ndiyo ndogo kuliko zote, kwa hiyo nafasi yake ni 1. Kwa jozi nane kuna mipangilio 256 ya alama za kujumlisha na kutoa. Miwili kati yake inatoa matokeo makali kama yetu au zaidi, ukihesabu na upande wa pili ni minne, na 4 kwa 256 ndiyo hiyo 0.0156.

Tahadhari moja hapa. Watu wengi wakisikia kwamba jaribio la t linataka mgawanyo wa kawaida, huenda kuchunguza safu ya jamvi na safu ya saruji. Kwenye jozi safu hizo hazikuhusu. Inayohusika ni safu ya tofauti, basi chora nukta zake nane kwenye karatasi uzitazame. Na usilazimishe jozi pasipo na jozi. Mwenzetu mmoja alikuwa na kuku wanane waliokula chakula hiki na wanane wengine waliokula kile, akawapanga kwa safu akaweka `paired = TRUE` kwa sababu p ilipendeza. Kuku wa mstari wa kwanza hawakuwa na uhusiano wowote; ukiwachanganya hupotezi kitu.

Haya, tuseme vikundi vyako kweli ni huru. Hapa nina maoni yangu, na wapo watakaopinga: anza na jaribio la t la Welch, ambalo ndilo R inalokupa usiposema kitu. Ile kauli ya vijiweni kwamba sampuli ikiwa chini ya 30 t haifai imegeuza mambo juu chini. Gosset, aliyeliandika jaribio la t la asili mwaka 1908 kwa jina la Student, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, na shida yake ilikuwa hasa sampuli chache.

Mann-Whitney nalo lina dari ambalo wageni hawalioni. Ukiwa na vipimo vitatu kwa vitatu, kuna njia 20 tu za kuzigawa nafasi sita katika vikundi viwili. Hata kama kikundi kimoja chote kiko juu ya chengine, hiyo ni njia moja kati ya 20, na kwa pande zote mbili ni 2 kwa 20, yaani 0.10. Haishuki hapo hata ukipima dhahabu na mchanga. Ukiwa na vinne kwa vinne unaweza kufika 0.029. Wilcoxon wa jozi naye kwa jozi tano huishia 0.0625, anahitaji sita ili avuke chini ya 0.05. Nimeona ripoti ikisema hakuna tofauti wakati jaribio lililochaguliwa halikuwa na uwezo wa kusema vyengine tangu mwanzo.

Mann-Whitney linakufaa pale penye namba moja iliyoruka mbali na ikawa ni ya kweli, au pale unapopima kwa madaraja, kama harufu kutoka 1 hadi 5. Mfano huu nimeutunga wa mwani, kamba tano kwa tano. Kikundi cha kwanza kimeongeza gramu 210, 225, 232, 240 na 251. Cha pili 262, 270, 281, 290 na 302. Welch atakupa p ya takriban 0.001. Sasa ile 302 ifanye 520. Kikundi cha pili kimezidi kukua, lakini p ya Welch inapanda hadi takriban 0.13, kwa sababu namba ile imevimbisha mtawanyiko kuliko ilivyovuta wastani. Mann-Whitney haikutikisika: 520 bado ni ya kumi katika foleni kama 302 ilivyokuwa, na p inabaki 0.008. Lakini kabla ya kukimbilia huko, rudi kwenye daftari. Mwani uliopimwa kabla maji hayajachuruzika, au wenye mchanga ndani, unaweza kuwa ndiyo 520 yenyewe, na hilo halitibiwi na jaribio lolote.

Msitegemee pia kipimo cha Shapiro, kile cha kuchunguza mgawanyo wa kawaida, kiwaamulie. Kwa namba tano au nane kina nguvu ndogo ya kugundua mgawanyo mbaya, kwa hiyo mara nyingi kitasema mambo ni shwari.

Tuliandika upya ripoti yetu, na sentensi ya matokeo ikawa hivi: "Baada ya siku mbili, karafuu za jamvi zilibaki na uzito zaidi kuliko za saruji kwa wastani wa gramu 11 (kiwango cha uhakika cha 95% kutoka 5.3 hadi 16.7; jaribio la t la jozi, jozi 8, t = 4.53, p = 0.003)." Chini yake tukaongeza kwamba tulipima ukavu tu, hatukupima harufu wala usafi, ili mtu asije akaanika mavuno yake barazani kwa sababu yetu. Tukalitaja na pakacha la tano, ambalo jamvi lilishinda kwa gramu 3. Pamoja na jua kali la siku zile, mvua ya ghafla ilikuja mchana mmoja, shangazi akalianua jamvi kwa mkupuo mmoja, na zile za sakafuni tukawa bado tunazizoa kwa viganja.