Limiti ya chini ndiyo iliyoninyima alama zangu

Jumapili usiku kijana mmoja wa kidato cha sita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, na chini yake ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Hili swali nimelirudia mara nne, jibu ni lilelile, lakini nyuma ya kitabu wameandika 8/3. Kitabu kimekosea?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia kitabu kiko sawa. Kisha nikabaki nimeitazama ile picha kwa muda. Mwandiko ulikuwa wake, lakini kosa nililifahamu kama ninavyofahamu jina langu.

Nirudi nyuma kidogo. Nilisoma PCM, na bwenini mimi ndiye niliyefuatwa na tochi usiku kwa maswali ya intigresheni. Nilikuwa najivunia, sifichi. Kuintigreti kwenyewe hakukunisumbua hata siku moja. Ukaja mtihani wa moko, likaja swali ambalo hata leo naliona jepesi: tafuta intigrali ya 3x² − 2x + 1 kutoka −1 hadi 2. Nikaandika hivi:

```
[x³ − x² + x] kutoka −1 hadi 2
= 8 − 4 + 2 − 1 − 1 − 1
= 3
```

Nikapiga mstari chini ya 3, nikaenda swali linalofuata. Wiki mbili baadaye mwalimu aliinua karatasi yangu mbele ya darasa zima na kusema, "Huyu ndiye bingwa wenu wa intigresheni. Kutoa hajui." Darasa likacheka. Mimi nikainamia dawati. Kilichoniuma zaidi ya kicheko ni kwamba aliishia hapo. Hakunionyesha mstari uliopotoka, wala kunieleza kwa nini ulipotoka, nami niliona aibu kuuliza. Nililigundua kosa mwenyewe baada ya siku nyingi, nikiwa nimeshaanza kuamini kwamba hesabu si yangu.

Kosa ni hili. Ukiweka −1 kwenye x³ − x² + x unapata −1 − 1 + (−1), yaani −3. Hiyo −3 ndiyo thamani ya limiti ya chini, na ndiyo inayotakiwa kutolewa. Mimi niliibandika tu mwishoni mwa mstari bila mabano, na ile alama ya kutoa iliyopaswa kuwa katikati ikamezwa na alama hasi za namba zenyewe. Nikawa nimejumlisha nikidhani nimetoa. Njia sahihi ni fupi kuliko yangu:

```
F(2)  = 8 − 4 + 2 = 6
F(−1) = −1 − 1 − 1 = −3
6 − (−3) = 9
```

Tangu siku ile kila limiti naipa mstari wake. Juu mstari mmoja, chini mstari mmoja, halafu wa tatu wa kutoa, na mabano yanabaki hata kama yanaonekana ya ziada. Wanafunzi wangu wa tuisheni wananiona king'ang'anizi kwa hili. Sawa, niwe king'ang'anizi. Ukibana hesabu nzima kwenye mstari mmoja ili umalize haraka, alama ya kutoa ndiyo ya kwanza kupotea.

Lakini mistari mitatu haikusaidii kama hujui kwa nini tunatoa. Mimi nilielewa kupitia kwa baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori. Alikuwa na kijidaftari chenye jalada jekundu ambacho hakikutoka kwenye dashibodi. Kabla ya kuwasha gari Dar es Salaam aliandika kilomita zilizosomeka, tuseme 182,640. Akifika Morogoro aliandika tena, 182,832. Safari ilikuwa na urefu gani? Anatoa ya kwanza kwenye ya pili, anapata kilomita 192. Hakuhitaji kukumbuka kila kona na kila mteremko wa njiani, kwa sababu mita ilikuwa imejumlisha vyote kimyakimya.

Nadharia ya msingi ya kalkulasi inasema jambo hilohilo. Alama ya intigrali ni herufi S iliyorefushwa. Leibniz aliianzisha mwaka 1675 kutokana na neno la Kilatini la jumla, summa, kwa kuwa intigrali ni jumla ya vipande vingi vidogo sana. Kuvijumlisha kimoja kimoja ni kazi isiyokwisha. Lakini ukipata F, yaani fanksheni ambayo ukiidiferenshieti inakurudishia f yako, basi hiyo F ndiyo mita yako. Kila kipande kidogo cha f ni ongezeko dogo la F, kwa hiyo jumla yote ni F ya mwisho kutoa F ya mwanzo. Ndiyo maana hatuandiki +C kwenye intigrali yenye limiti: C inaongezwa kwenye usomaji wote wawili, na ukitoa inajifuta.

Sasa angalia lile gari. Je, mita ilisoma sifuri lilipoondoka? Haikusoma sifuri. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka, tena wale wazuri. Wakiona limiti ya chini ni 0 wanairuka, kwa sababu kwenye x² na x³ ukiweka 0 unapata 0 kweli. Mazoea hayo wanayapeleka kwenye intigrali ya sin x kutoka 0 hadi π. F ni −cos x. Juu, −cos π ni 1. Chini, −cos 0 ni −1, wala si 0. Jibu ni 1 − (−1) = 2. Aliyeruka anaandika 1 na kuondoka na furaha yake. Kwa e ni hivyohivyo, kwa kuwa e⁰ ni 1. Na hapohapo kwenye sin na cos, tazama kalkuleta yako iko kwenye radiani au digrii. Ikiwa kwenye digrii nawe ukaweka 3.1416, utapata kitu kama 0.0015 badala ya 2, na swali la watu litakushinda kwa sababu ya kitufe.

Turudi kwa kijana wangu. Swali lake lilikuwa intigrali ya x√(4 − x²) kutoka 0 hadi 2. Alichagua u = 4 − x², uchaguzi mzuri kabisa. Akapata du = −2x dx, kwa hiyo x dx ni −½ du. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Kisha akaandika:

```
−½ ∫ √u du, kutoka 0 hadi 2
= −⅓ [u^(3/2)] kutoka 0 hadi 2
= −0.943
```

Unaona? Amebadili kila kitu isipokuwa limiti. Zile 0 na 2 ni za x, zinasema x inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukishahamia kwa u, nazo zihame. Ni sawa na baba asome kilomita mwanzo wa safari, halafu mwisho asome mita ya mafuta na kutoa moja kwenye nyingine. x ikiwa 0, u ni 4. x ikiwa 2, u ni 0. Kwa hiyo u inaanzia 4 na kushuka hadi 0, na limiti ya chini inakuwa kubwa kuliko ya juu.

Hapo tena pana shimo la pili, na wengi wakikwepa la kwanza wanatumbukia hilo. Wanaona 4 chini na 0 juu, wanahisi kuna kitu hakijakaa sawa, wanazigeuza "zikae vizuri" bila kubadili alama. Wanapata −8/3. Ruhusa ya kugeuza ipo, lakini kila ukigeuza limiti unabadili alama ya intigrali nzima. Hapa kugeuza kunaiondoa ile hasi ya −½:

```
−½ ∫ √u du, kutoka 4 hadi 0
= ½ ∫ √u du, kutoka 0 hadi 4
= ⅓ × 4^(3/2) = ⅓ × 8 = 8/3
```

Asiyetaka kugusa limiti anaweza kurudi kwa x kabla ya kuweka namba. F inakuwa −⅓(4 − x²)^(3/2). Ukiweka 2 unapata 0, ukiweka 0 unapata −8/3, na 0 − (−8/3) ni 8/3. Jibu lote limetoka kwenye limiti ya chini, ile sifuri ambayo watu wanairuka. Angeiruka hapa angebaki na 0 mkononi. Chagua njia moja. Usichanganye, u ya huku na limiti za kule.

Nilichomkemea kijana, na nilimkemea kweli, ni kwamba alirudia mara nne bila kuliangalia jibu lenyewe. Kati ya 0 na 2, x ni chanya na kipeuo ni chanya. Mkunjo wote uko juu ya mstari wa x. Eneo hasi litatoka wapi? Nikamwambia achore. Mkunjo unaanza kwenye 0, unapanda hadi kimo cha 2 pale x ilipo √2, kisha unashuka na kugusa 0 tena kwenye x = 2. Unakaa wote ndani ya mraba wa 2 kwa 2, kwa hiyo eneo ni chini ya 4. Na pembetatu yenye kitako cha 2 na kimo cha 2 inaingia chini ya mkunjo, kwa sababu mkunjo umebinuka kwenda juu, kwa hiyo eneo ni zaidi ya 2. Jibu lolote lisilo kati ya 2 na 4 ni la kufuta. 8/3 ni kama 2.67, limekaa pake.

Mimi nami ningejiokoa siku ya moko. Kanuni ya Simpson niliijua: nichukue f(−1) = 6, f(0.5) = 0.75 na f(2) = 9, nizidishe ya katikati kwa 4, nijumlishe nipate 18, nizidishe kwa urefu wa 3 na kugawanya kwa 6. Inatoka 9 kamili. Ni dakika moja. Sikuitumia kwa sababu nilijiona bingwa, na bingwa hahakiki. Wewe unayeitaka A ya Advansi usinifuate kwenye hilo.

Saa tano usiku picha nyingine iliingia. Pembeni mwa swali alikuwa amechora kijijedwali cha x na u, 0 mbele ya 4 na 2 mbele ya 0, na chini yake pembetatu ndani ya mkunjo. Alikuwa ameendelea na swali la jirani, intigrali ya 1/x² kutoka −1 hadi 1. F ni −1/x, juu −1, chini 1, akatoa akapata −2. Limiti zimewekwa sawasawa, mabano yapo. Kando yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu, hii haiwezekani, mkunjo wote uko juu."

Alikuwa na haki. Nadharia inataka f isikatike popote kati ya limiti mbili, na 1/x² inapasuka kwenye 0, katikati kabisa ya safari. Mita imevunjika njiani, kwa hiyo kutoa usomaji wa mwanzo kwenye wa mwisho hakuna maana. Eneo lile halina kikomo. Nikamwandikia: futa −2, andika kwamba intigrali hiyo haina thamani, na utaje x = 0.