Bei ya saa haihesabiwi kutoka kwenye mshahara wa zamani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malindi aliniandikia: "Dada, nimeacha kazi iliyokuwa ikinilipa 40,000 kwa mwezi, nami sasa ninapiga picha kwa kujitegemea. Nimegawanya kwa saa 160, nikapata 250 kwa saa. Je, ni sawa?" Nilisoma ujumbe huo mara mbili, kwa sababu hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoniumiza mimi hapa Amu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kupiga picha za nyumba ya wageni huko Shela, na nilikubali 18,000 nikiamini kwamba nimepata faida kubwa. Nilipoandika muda wangu daftarini, pamoja na mashua ya kwenda na kurudi, kusafisha picha, na marekebisho matano ambayo mwenye nyumba aliyadai bila kuongeza hata senti, nilikuta saa 34. Malipo yenyewe niliyapata baada ya miezi miwili, na uchungu wake bado ninao.

Ndugu yangu, anza na mwaka, usianze na saa. Ukitaka 40,000 zikubakie kila mwezi, hizo ni 480,000 kwa mwaka. Gharama zangu za intaneti, umeme, mashua, na akiba ya kununua kamera na kompyuta nyingine zinapochakaa ni 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000. Kodi ya mapato pamoja na mchango wa SHA, kwa faida ya kiasi hicho, ninaziwekea 95,000. Jumla inakaribia 720,000.

Sasa zitazame saa zenyewe, kwani hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Katika saa 40 za wiki, zinazolipwa ni kama 20 tu. Nyingine huliwa na kutafuta wateja, kuandika makadirio na kudai malipo. Tena masika yanapoingia na nyumba nyingi za wageni kufungwa, mimi hukaa takriban wiki 12 bila kazi. Nikitoa pia wiki nne za mapumziko na maradhi, zinabaki wiki 36, ambazo ni saa 720. Kwa hiyo bei yangu ni 1,000 kwa saa, na ile kazi ya Shela ilipaswa kuwa 34,000.

Mteja akitaka bei ya kazi nzima, kadiria saa kwa kutazama daftari lako, kisha andika kwenye makubaliano kwamba marekebisho ni mawili na ya tatu hulipiwa kwa saa. Dai nusu kabla ya kuanza. Kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada inayofika 24,000 kwa mwezi, usiipandishe bei kwa ajili hiyo, kwa kuwa 1,700 zilizokatwa kwenye 34,000 hupunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Hakikisha tu kwamba cheti chake kimeonekana kwenye iTax kabla ya kuwasilisha ritani, ambayo mwisho wake ni Juni 30.