Vipele vya kidevu: acha udevu uchungulie nje

Shikamoo mzee. Nina miaka 26, ni mlinzi hapa Moshi. Kazini wanataka kidevu safi kila siku. Nanyoa na wembe wa makali matatu mpaka ngozi inateleza, lakini kesho yake chini ya taya nimejaa vipele vyenye usaha. Wembe wangu una vijidudu?

Marahaba, kijana wangu. Vijidudu huja baadaye. Aliyeanzisha ugomvi ni udevu wenyewe.

Udevu wa kipilipili hutoka kwenye tundu lililopinda, na ukirefuka hujikunja kama pete. Ukiukata, ncha yake inabaki kali kama mwiba. Sasa wembe wa makali matatu hufanya hivi: kali la kwanza linauvuta udevu juu, yanayofuata yanaukata, halafu kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Kikianza kuota tena kinachoma ukuta wa tundu lake kabla hakijafika mlangoni. Na hata udevu uliobaki nje kidogo unaweza kujikunja ukaingia tena pembeni. Mwili hauna habari kwamba ni udevu wako. Unaupiga vita kama mwiba wowote, ndipo panavimba. Kooni na chini ya taya panaumia zaidi kwa sababu ndevu za huko zinalala kila moja na njia yake.

Kwa hiyo huo utelezi unaoutafuta ndio unaokutesa. Kwanza pumzisha wembe wiki nne. Nenda kliniki wakuandikie cheti umpelekee msimamizi. Mwanzoni vipele vinaweza kuongezeka, usikate tamaa ukarudi kunyoa, maana udevu ukifika kama sentimita moja hujichomoa wenyewe. Kila asubuhi kanda sehemu hiyo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kama tano. Ukiona udevu umepiga kitanzi juu ya ngozi, futa sindano kwa spiriti, ingiza ncha chini ya kitanzi, uinue basi. Usiung'oe. Ukiung'oa, utakaoota mahali pake utaanzia ndani kabisa, na safari hiyo ndiyo yenye kutoboa.

Vikitulia, nyoa kwa mashine isiyo na kichana, bila kuikandamiza, ubakishe kama nusu milimita hadi milimita moja. Mtu akisimama hatua mbili mbele yako haoni kitu. Kama msimamizi wako ni wale wa kupitisha kidole kidevuni, basi tumia wembe wa kali moja, uende na ndevu zinakolala, mkono mwepesi, na usiivute ngozi kwa vidole. Hapo kwenye kuivuta ndipo wengi wanapojiharibia: ukiiachia ngozi, ncha zote zinazama. Kama hujui ndevu zinalala wapi, ziache siku mbili kisha pitisha kiganja. Upande unaoteleza ndio njia, upande unaokwaruza uuache.

Krimu ya kunyolea inasaidia kweli au ni mapambo? Mimi natumia sabuni ya kipande, ile ile ya kuogea.

Kinacholainisha udevu ni maji. Udevu mkavu ni mgumu, lakini ukinywa maji dakika mbili tatu unakatika kwa urahisi na wewe hulazimiki kukandamiza wembe. Kazi ya krimu ni kuyazuia maji yasikauke, na kuweka utelezi kati ya kali na ngozi. Sabuni ya kipande povu lake hufa haraka, hasa asubuhi za Julai ukiwa na maji ya baridi, na wembe unabaki unakwaruza ngozi kavu.

Ukipata krimu, chagua yenye gliserini na isiyo na manukato makali. Ile inayopoza kwa mentholi haina faida kama ngozi imeshachubuka. Inakuficha tu usijue kwamba unajikata. Nyoa baada ya kuoga, paka, ngoja dakika mbili ndipo uanze. Huna krimu? Lainisha kwa maji ya uvuguvugu, paka povu zito, na lirudie kila likianza kukauka.

Kinyozi wangu huku Arusha akimaliza ananimwagia spiriti. Inaunguza hadi machozi. Anasema ndiyo dawa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na nimewaliza wateja wengi kabla sijaacha. Kuna mmoja alikuwa anashika mikono ya kiti kabla hata sijafungua chupa. Spiriti inaua vijidudu, sawa, lakini inakausha ngozi iliyojaa mikwaruzo, na ngozi kavu inakaza juu ya udevu unaotafuta pa kutokea. Zaidi ya hapo, ile ya rangi ya zambarau huchanganywa na sumu makusudi ili isinywewe. Ya kupaka usoni siyo hiyo.

Mwambie akusuuze kwa maji ya baridi, akukaushe kwa kugusagusa kwa taulo safi, kisha apake losheni isiyo na alkoholi. Utomvu wa mshubiri pia unatuliza. Palipotoka damu, kipande cha shabu kilicholoweshwa kinatosha, ila kiwe chako. Shabu moja ya saluni nzima inapita kwenye damu ya kila mtu.

Na spiriti asiitupe: aifutie mashine, baada ya kupiga brashi kutoa nywele, maana chini ya nywele haifiki. Wembe wa bapa aufungue mpya mbele yako.

Wembe mmoja utumike mara ngapi?

Kwa ndevu ngumu, mara tano hivi. Ukianza kuuvuta udevu badala ya kuukata, umekwisha hata kama ni mara ya tatu. Usuuze kila baada ya kuupitisha mara mbili tatu, ukimaliza ukung'ute na uuweke pakavu, siyo kwenye kikombe cha bafuni. Kuufuta kwa taulo kunaumiza makali. Na usimwazime mtu, hata mdogo wako.

Maji ya Arusha yana floridi. Ndiyo inayotutoa vipele?

Hapana. Floridi ya maji ya Meru muulize daktari wa meno.

Mume wangu ametokwa na vinundu vigumu kisogoni, mstari ule anaochongwa na kinyozi. Haviumi sana ila vinakua. Anataka poda ya kunyolea ili aachane na wembe.

Dada, hili ni jambo lingine na usilicheleweshe. Poda inaufumua udevu kwa kemikali, inanuka kama yai viza, na kidevuni inawafaa baadhi ya watu kwa sababu ncha inabaki butu. Lakini inaunguza ikizidishwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na lazima ijaribiwe kwanza mkononi kwa siku moja au mbili. Juu ya vinundu asiipake.

Vinundu vya kisogo vikishakuwa vigumu ni kovu linaloota, na kila akichongwa panaongezeka. Kinyozi aishie na mashine yenye kichana, mstari wa nyuma auache kabisa. Krimu za dukani za kuchubua asizipake hapo. Hapo hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na vinundu vya aina hii wanavijua. Vikiwa vidogo mara nyingi huchomwa sindano ya kuvifanya vinywee vikashuka. Vikishaungana kuwa kipande kimoja, mazungumzo yanahamia kwenye upasuaji.

Aende kabla ya kunyoa tena.